Ujumbe Uliofutwa Bado Una Wasomaji

Jumapili moja usiku, katika seva ya Discord ya vijana wanaojifunza kuandika programu, ambako mimi ni mmoja wa wasimamizi, wanachama wawili waligombana. Mmoja akabandika namba ya simu ya mwenzake pamoja na mtaa anaoishi. Msimamizi aliyekuwa macho usiku ule aliufuta ujumbe ndani ya dakika mbili. Tukashusha pumzi, tukampa onyo aliyeubandika, tukaenda kulala. Siku ya nne kijana mwenye namba akatuandikia kwamba anapigiwa simu za matusi, na mmoja wa wapigaji amemwambia waziwazi kwamba namba ameitoa kwenye seva yetu.

Tulikuwa na hakika kwamba katika zile dakika mbili ni wachache sana waliouona ujumbe ule. Hivyo tukaanza kutafuta ulikokwenda baada ya kufutwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi niliyekuwa nikifuta jumbe za watu kila wiki sikuwa nimeelewa ninachokifanya.

Aliyezoea makundi ya WhatsApp anajua kwamba msimamizi akifuta ujumbe wa mtu, alama hubaki pale pale, na kila mwanakundi huona kuwa kuna kitu kimeondolewa na nani amekiondoa. Discord haiachi alama. Ujumbe huondoka na nafasi yake, mistari ya juu na ya chini ikasogeleana, na aliyechelewa kuingia hajui kama palikuwa na neno. Ndiyo maana watu hudhani umekwisha kabisa. Kwa kweli umegawanyika sehemu mbili: habari ya kufutwa kwake imekwenda mahali pamoja, na maneno yake huenda yamekwenda mahali pengine.

Habari ya kufutwa huandikwa na Discord yenyewe katika daftari la matendo ya wasimamizi, lililo ndani ya mipangilio ya seva kwa jina la Audit Log. Daftari hili halifunguliwi na kila msimamizi. Hulifungua mwenye seva, mwenye ruhusa ya Administrator, na yule ambaye cheo chake kimepewa ruhusa ya View Audit Log. Mtu anaweza kupewa Manage Messages, yaani uwezo wa kufuta jumbe za wengine, na bado asiweze kusoma daftari linaloandika kufuta kwake.

Nilipolifungua nilikuta mstari mmoja tu: msimamizi fulani amefuta ujumbe 1 wa mwanachama fulani katika chaneli fulani, na saa yake. Maneno hayakuwemo, wala hayawekwi humo hata siku moja. Msimamizi akifuta jumbe kadhaa za mtu mmoja kwa mfululizo, mara nyingi daftari huzijumlisha katika mstari mmoja wenye idadi. Baada ya siku 45 mstari wenyewe hutoweka. Aliyefuta ujumbe wake kwa mkono wake haandikwi kabisa, na hili huzua ugomvi mwingi, kwa sababu mwanachama akiona maneno ya rafiki yake hayapo hukimbilia kuwalaumu wasimamizi. Mstari usipokuwepo, kuna uwezekano mkubwa kuwa mwenyewe ndiye aliyefuta. Lakini usiapie. Msimamizi anapomfungia mtu anaweza kuchagua kufuta pamoja naye jumbe zake za hadi siku 7 zilizopita, na kinachoonekana daftarini ni kule kufungiwa, si orodha ya jumbe zilizokwenda naye.

Maneno, basi, yalikuwa wapi? Kwa boti.

Seva nyingi zenye watu wengi huweka boti ya kutunza kumbukumbu. Wengi wetu tulidhani kwamba ujumbe ukifutwa, Discord huikabidhi boti nakala. Sivyo. Taarifa ambayo boti hupokea wakati huo ina namba tupu, kwa umbo hili:

```json
{
  "id": "1187654321098765432",
  "channel_id": "1087654321098765432",
  "guild_id": "987654321098765432"
}
```

Ni namba ya ujumbe, ya chaneli na ya seva. Hakuna maneno wala jina la mwandishi. Boti inayoweza kukuonyesha kilichoandikwa ni ile iliyokwisha kuunakili ujumbe tangu ulipotumwa, kabla hajatokea wa kuufuta. Maana yake ni kwamba imekuwa ikihifadhi mazungumzo ya kila mtu, mema na mabaya, ikisubiri kama kuna litakalofutwa. Ukitaka kuamini, tazama kumbukumbu za siku ambayo boti ilizimika ikawashwa upya: mara nyingi jumbe zilizotumwa kabla ya hapo, zikifutwa baadaye, huja na namba tu, bila neno.

Boti yetu ilikuwa imeamka vizuri usiku ule. Dakika ile ile ujumbe ulipofutwa, iliuchukua wote, namba ya simu na mtaa, ikaubandika katika chaneli ya kumbukumbu. Kwa akili zetu chaneli ile ilikuwa ya wasimamizi sita. Miezi kadhaa nyuma, hata hivyo, tulikuwa tumeanzisha cheo cha wasaidizi wa kujibu maswali ya wanaoanza, na aliyekipanga alikipa ruhusa ya kuona kundi zima la chaneli za ndani, pamoja na hiyo. Wasaidizi walikuwa wamefika zaidi ya 30. Kufuta kwetu kuliutoa ujumbe ule kwenye chaneli yenye kelele, ambako ungepitwa na mengine kufikia asubuhi, na kuuweka mahali patulivu ulikokaa siku nne ukisomeka.

Kosa la namna hii halijitangazi, kwa sababu mwenye seva huona kila kitu na hivyo hana njia ya kuhisi nani mwingine anaona. Dawa yake ni kuitazama seva kwa macho ya cheo kingine. Katika mipangilio, sehemu ya Roles, kila cheo kina chaguo la View Server As Role. Likibonyezwa, seva hujionyesha kama anavyoiona mwenye cheo hicho. Sisi tulipolijaribu kwa cheo cha wasaidizi, chaneli ya kumbukumbu ilikuwa pale upande wa kushoto, wazi. Jihadhari pia na Administrator: mwenye ruhusa hiyo huona chaneli zote hata ukimfungia mlango mmoja mmoja, na boti nyingi huiomba wakati wa kuingizwa bila kuihitaji.

Yupo msomaji mwingine asiye na cheo chochote kwenye seva, naye ni mwenye boti. Ikiwa boti imehifadhi nakala katika mashine yake, anayeiendesha anaweza kuzisoma, na kumwondoa boti kwenye seva hakufuti alichokwisha kuhifadhi. Wapo vilevile wanachama wa kawaida wanaotumia programu ya Discord iliyochezewa ili jumbe zilizofutwa zibaki kwenye skrini zao. Masharti ya Discord yanakataza jambo hilo, lakini hakuna msimamizi anayeweza kuliona likifanyika.

Sasa chaneli yetu inaonwa na watu watano, na ujumbe wenye namba ya simu, anwani au picha ya mtu huondolewa humo pia, ukabaki mstari wa maelezo tu. Kabla ya kufuta kitu kibaya kiasi hicho tunakiripoti kwanza kwa Discord, maana ujumbe ukishaondoka hauna tena mahali pa kubonyeza ripoti.

Nawe uliye mwanachama wa seva yoyote, waulize wasimamizi wako leo: kumbukumbu za jumbe zilizofutwa hapa zinasomwa na kina nani, na boti hii ni ya nani? Wakikosa jibu, waombe wafungue View Server As Role mkiwa pamoja.