Kubaini Chanzo cha Fremu za Kijani na Nyeusi katika Video za Uwandani: Mfano kutoka Kilwa Kivinje

Katika utafiti huu, ishara za mikono ya msimulizi zilichukuliwa kuwa sehemu ya matini. Kwa hiyo, sekunde tatu za rangi ya kijani tupu zilipojitokeza katika nakala iliyohaririwa ya simulizi ya bibi mmoja wa Kilwa Kivinje, swali la msingi lilikuwa moja: je, data imepotea, au ni nakala tu iliyoharibika?

Rangi hiyo ina sababu. Video nyingi huhifadhi mwangaza katika namba moja na rangi katika namba mbili. Katika video ya biti 8, nyeusi ya kawaida huwa na mwangaza 16, na rangi 128 na 128. Sehemu isiyo na data ikijazwa sifuri zote tatu, kompyuta huitafsiri kuwa kijani. Kwa hiyo kijani huashiria picha isiyosimbuliwa. Fremu nyeusi, kinyume chake, ni picha halali. Aghalabu hutokana na pengo kati ya vipande.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuicheza nakala katika kompyuta nyingine. Kijani kilibaki palepale, hivyo kasoro haikuwa ya kichezeshi. Hatua ya pili ilikuwa kulikagua faili asilia kwa amri ifuatayo, ambayo husimbua kila fremu na kuandika makosa pekee:

```
ffmpeg -v error -i asili.mp4 -f null -
```

Amri haikuandika chochote. Hata hivyo, ukimya huo hautoshi kuwa ushahidi, kwani fremu ya kijani iliyokwisha kusimbwa kama picha haitoi kosa lolote. Kwa sababu hiyo, mtafiti alitazama pia sehemu ileile ya faili asilia. Mkono wa msimulizi ulionekana wote.

Kasoro ilikuwa, basi, katika uchakataji. Zilitolewa upya sekunde 30 tu, kwa kubadili jambo moja kila mara. Kufuta faili za muda hakukusaidia. Kuzima msaada wa kadi ya grafiki, ili kichakato kikuu kifanye kazi yote, kuliondoa kijani. Gharama yake ilikuwa muda mrefu zaidi.

Uchakataji unaokwama huchunguzwa kwa mantiki hiyohiyo. Ukikwama mahali pamoja kila mara, chanzo hutafutwa katika kipande au athari iliyopo hapo. Ukikwama mahali tofauti, huchunguzwa joto, kumbukumbu na nafasi ya diski. Ukikatika faili linapokaribia GB 4, huenda diski imepangwa kwa FAT32, isiyopokea faili kubwa kuliko hapo.

Iwapo faili asilia lingekuwa na kasoro, lingelinganishwa na kadi ya kumbukumbu ya kamera. Kwa sababu hiyo, kadi haikufutwa kabla ya ukaguzi. Kama kadi nayo ingekuwa na kasoro, sekunde hizo zingeripotiwa kuwa pengo la data, wala zisingefasiriwa kuwa msimulizi hakutumia ishara.