Ujumbe kwa Fundi, Siku Nne Kabla ya Sherehe

Tuchukue sendofu ya Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi mmoja wa Sinza. Dada wa bibi harusi alipeleka kitenge chake kwa fundi wiki tatu kabla: yadi nne za sare ya familia, gauni refu la mikono, zipu mgongoni, bitana ndani. Bei walikubaliana shilingi 45,000, akatanguliza 30,000. Ahadi ilikuwa Jumapili iliyopita. Jumapili akaambiwa, "Bado kidogo tu, dada, njoo kesho." Jumatatu simu iliita bila kupokewa. Leo ni Jumanne, na ameshika simu yake anaandika.

Watu wengi katika hali hiyo huandika neno moja: "Fundi, tayari?" Ni swali bovu kuliko yote. Fundi mwenye nguo ishirini kwenye rafu hana jibu la kweli ambalo halitamletea ugomvi, kwa hiyo atasema "Kesho", na kesho hiyo haina saa. Wengine huandika kwa hasira, wanataja hasara na aibu, wanaapa kutorudi tena. Fundi akisoma maneno hayo anaiweka simu kifudifudi na kuendelea na nguo ya mteja aliyeketi mbele yake kwenye benchi. Sikubaliani na wanaosema mafundi wote ni waongo. Nimewaona wanavyofanya kazi: nguo inayoshonwa ni ya yule anayeonekana, na foleni haifuati tarehe ya kupokea kitambaa bali inafuata nani anasukuma. Ujumbe mzuri unakupandisha kwenye foleni hiyo, na wakati huohuo unakupa habari ya kweli kuhusu nguo yako imefika wapi.

Habari hiyo ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu uamuzi wa Jumanne unategemea hatua ya nguo. Gauni la kitenge lenye bitana linapita njia inayojulikana. Kwanza linachorwa kwa chaki na kukatwa. Kisha vipande vinaunganishwa: mabega, ubavu, kiuno. Hapo ndipo linapofaa kujaribiwa. Baada ya hapo zinakuja zipu, mikono, bitana, ovaloki ya kuzuia nyuzi zisifumuke, pindo la chini, na pasi. Fundi mzoefu aliyeketi kwenye cherehani bila kuamka anaweza kumaliza gauni kama hilo kwa siku moja. Kwa hiyo Jumanne bado kuna muda hata kama kitenge hakijaguswa na mkasi. Ijumaa hali ni nyingine kabisa.

Basi dada wa bibi harusi aandike hivi:

"Fundi, habari za asubuhi? Poleni na kazi. Ni mimi wa kitenge cha bluu chenye maua ya njano, sare ya sendofu ya Sinza. Sherehe ni Jumamosi hii saa kumi na mbili jioni, na bila gauni hilo sina kingine cha kuvaa kwa sababu ni sare. Naomba nijue limefikia hatua gani: limekatwa, limeunganishwa, au bado? Nitumie picha lilivyo sasa, likiwa na karatasi yangu ya vipimo. Kama kuna kitu kimepungua, zipu au bitana, niambie nikuletee leo. Alhamisi saa kumi jioni nakuja kujaribu, nitakupa 10,000. Ijumaa saa kumi nachukua na kumalizia 5,000. Nijibu kabla ya saa sita mchana, nisipopata jibu nitapita hapo saa nane."

Ukiusoma haraka unaonekana mrefu, lakini kila sentensi ina kazi yake. Rangi ya kitenge na jina la sherehe vinatajwa kwa sababu fundi hakumbuki majina, anakumbuka vitambaa. Ikiwa fundi ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo na umwite baba au mama kama ulivyozoea kumwita dukani. Heshima haipunguzi uzito wa unachodai.

Swali la kitu kilichopungua watu hulisahau, na mara nyingi hapo ndipo kazi ilipokwama. Fundi alichukua kianzio, akakitumia kwa kodi ya fremu au kwa bitana ya mteja mwingine, na sasa hana pesa ya kununua zipu ndefu ya bluu. Kulisema hilo kwa mteja ni vigumu, anaona aibu. Ukimuuliza wewe kwa upole, anapumua na kukuambia. Zipu na bitana unaweza kuzinunua mwenyewe siku hiyohiyo, gharama yake ukaikata kwenye pesa iliyobaki. Ni afadhali kuliko kubishana juu ya nani alipaswa kununua.

Picha nayo ina namna yake ya kusomwa. Kitenge kikiwa kimekunjwa na lebo ya kiwanda bado ipo, hakijakatwa, hata kama fundi ameandika "niko kwenye hatua za mwisho". Ukiona vipande vyenye mistari ya chaki vimefungwa pamoja kama furushi, kimekatwa tu. Ukiona mbele ya gauni pekee, omba na mgongo, maana zipu inakaa nyuma na huko ndiko kazi inakochelewa. Kwenye sare kuna mtego mwingine: ndugu watano wa familia wamepeleka kitenge kilekile kwa fundi huyohuyo, na gauni lililo kwenye picha linaweza kuwa la shangazi. Ndiyo maana ujumbe unaomba karatasi ya vipimo ionekane. Mafundi wengi hubandika karatasi hiyo kwa pini kwenye kitambaa au huweka ukurasa wa daftari juu yake, kwa hiyo si kazi ngumu.

Ukijibiwa kwamba umeme ulikatika, usikatae wala usikubali haraka. Cherehani ya miguu, kama zile nyeusi tunazozikuta karibu kila mtaa, haihitaji umeme, na pasi ya mkaa inanyoosha vizuri tu. Kinachosimama umeme ukikatika ni ovaloki na cherehani zenye mota. Kwa hiyo umeme unaweza kuchelewesha umaliziaji, lakini hauelezi kwa nini kitambaa hakijakatwa kwa wiki tatu.

Sasa tuseme jibu limekuja saa tano na picha inaonyesha kitenge hakijakatwa. Hapa dada wa bibi harusi ana njia mbili, na zote bado ziko wazi. Anaweza kukiondoa na kumpelekea fundi mwingine aliye tayari kushona kwa haraka, akijua atalipa zaidi. Au anaweza kubaki na fundi wake na kupunguza mshono: mikono iliyojaa iwe mikono ya kawaida, chini kunakobana na kufunguka kama mkia wa samaki kuwe kumenyooka. Bitana nisingeshauri iondolewe kwenye kitenge chepesi, maana taa za ukumbini zitaonyesha yaliyo ndani. Mimi ningebaki naye kama amejibu ukweli, na ningeondoka na kitambaa kama amekaa kimya hadi saa nane nikamkuta dukani.

Kama kimeshakatwa, ushauri wangu ni tofauti: usikimbilie kukiondoa. Kila fundi ana namna yake ya kuacha nafasi ya mshono. Mwingine anaacha inchi nzima ubavuni, mwingine nusu. Fundi wa pili akipokea vipande asivyovikata mwenyewe hajui mstari wa kushonea uko wapi, na akikosea kitenge cha kuongeza hakipo. Hapo ni bora kwenda kukaa kwenye benchi Jumatano asubuhi mpaka viungwe. Ukilazimika kuondoka navyo kwa sababu fundi anaumwa au amesafiri, chukua kila kitu: vipande vyote, mabaki ya kitambaa, zipu, bitana, karatasi ya vipimo na picha ya mshono mliokubaliana. Mabaki yanaonekana takataka, lakini ndiyo yatakayookoa kwapa likibana.

Kujaribu Alhamisi si anasa. Ovaloki ina kisu kidogo kando ya sindano, na kinapopita kinakata kitambaa cha ziada pembeni ya mshono. Kabla ya ovaloki, gauni linalobana kifuani linafumuliwa na kupanuliwa kwa dakika chache. Baada ya ovaloki, ile inchi ya akiba imeshaanguka sakafuni na hakuna cha kufumua. Wanaopokea nguo Jumamosi mchana hukutana na jambo hili wakiwa wamevaa viatu tayari. Kwa hiyo siku ya kujaribu vaa sidiria utakayovaa ukumbini, kaa kwenye kiti, nyanyua mikono kama unacheza muziki, kisha mwambie fundi apige ovaloki.

Kuhusu pesa, shilingi 15,000 zilizobaki ndizo nguvu pekee aliyo nayo mteja. Ukizituma zote Jumanne kwa kumwonea huruma, umejiondoa kwenye foleni. Ukikataa kutoa hata senti mpaka mwisho, fundi anaenda kushona ya mteja atakayelipa leo. Kuzigawa, sehemu siku ya kujaribu na sehemu siku ya kuchukua, kunampa fundi sababu ya kukushonea Jumatano usiku.

Tarehe iandikwe ilivyo. Kuna wanaomdanganya fundi kwamba sherehe ni Alhamisi ili wapate nguo mapema, lakini mafundi wanaijua hila hiyo na huongeza siku mbili kichwani mwao. Tena kwenye familia yenye sare fundi ameshasikia tarehe ya kweli kutoka kwa shangazi. Tarehe iliyoandikwa ina faida nyingine pia. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, pande mbili zikikusudia kazi ifanyike kwa muda maalumu na muda huo ukapita, aliyeahidiwa anaweza kuuvunja mkataba. Hakuna anayetaka kwenda mahakamani kwa gauni. Lakini mkikaa kwa mjumbe wa mtaa kudai kianzio chako, ujumbe unaotaja siku na saa una uzito ambao maneno ya dukani hayana.

Kama sherehe yako ni Jumamosi hii na nguo haijakufikia, mwandikie fundi wako leo asubuhi, taja saa, na saa nane uwe dukani kwake.