Dakika mbili za kwanza hewani

Kosa linaloua matangazo mengi ya mubashara hutokea kabla hata mada haijaguswa. Mtangazaji anawasha kamera, anatabasamu, kisha anasema, "Tusubiri kidogo wenzetu waingie." Dakika tano zinapita kwa salamu na "mnanisikia huko?" Aliyewahi ndiye anayeadhibiwa, tena kwa bando lake mwenyewe.

Tumchukue daktari wa mifugo anayeandaa kipindi cha dakika 40 katika YouTube, saa 2 usiku, kuhusu kuchanja kuku wa kienyeji dhidi ya mdondo. Ufunguzi wake anauandika neno kwa neno, hata kama yaliyobaki atayasema kutoka kichwani, kwa sababu hapo ndipo ulimi huteleza zaidi. Unaweza kuwa hivi:

"Habari za jioni, wafugaji. Leo tunachanja mdondo, na utaona kwa macho yako namna ya kuifanya kazi hii nyumbani. Kwanza nitaonyesha jinsi ya kubeba chanjo kutoka dukani bila kuiharibu. Halafu nitamchanja kuku huyu hapa, tone moja jichoni. Saa 2 na nusu ikifika, ni maswali yenu mpaka mwisho. Lakini usingoje saa hiyo: andika sasa hivi una kuku wangapi na mara ya mwisho uliwachanja lini. Unayeingia sasa, karibu, ndiyo kwanza natoa chupa kwenye kibebeo cha baridi."

Ukiisoma kwa mwendo wa kawaida haimalizi dakika moja. Mada inatajwa katika sentensi ya pili, na saa ya maswali inatajwa waziwazi, kwa kuwa mtu mwenye bando dogo anataka kujua kama abaki au arudi baadaye. Aliyechelewa naye hakusomewa orodha ya yaliyompita. Ameambiwa tu kazi imefika wapi, na hilo linamtosha kuanza kufuatilia.

Swali la mapema lina sababu ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Picha haimfikii mtazamaji papo hapo. YouTube humpa mwenye chaneli ngazi tatu za ucheleweshaji: wa kawaida, mdogo na mdogo kabisa. Ule mdogo kabisa unavutia, ila intaneti ikiyumba picha hukatika ovyo, kwa hiyo kwa wafugaji walio vijijini ni busara kubaki na wa kawaida. Gharama yake ni kwamba wanachokisikia ulikwisha kukisema sekunde kadhaa nyuma, pengine nusu dakika. Ongeza muda wa kuchapa kwa kidole gumba. Ukiuliza "kuna swali?" kisha ukakaa kimya sekunde tano, utadhani hakuna mtu, kumbe swali lako halijawafikia. Ndiyo maana daktari wetu anauliza halafu anaendelea na chupa yake. Akiinua macho, majibu yameshajaa.

Angalia pia namna anavyouliza. "Karibuni kwa maswali" humwachia mtu kazi ya kutunga, na wengi huona haya kuwa wa kwanza. Idadi ya kuku na tarehe ya chanjo kila mfugaji anazo. Zaidi ya hapo, zinambadilishia daktari kipindi: wengi wakiandika kwamba wana mwaka hawajachanja, anajua atumie muda mrefu zaidi kueleza kwa nini chanjo ya I-2 hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Na wakianza kuuliza dawa ya kuku aliyekwisha ugua, aseme mapema kwamba chanjo haitibu, huchanjwa kuku wazima, asije akavamiwa na swali hilo usiku mzima.

Wachelewaji hawaishi dakika ya pili, lakini kumkaribisha kila mmoja kwa jina ni kero tupu, na anayetazama rekodi kesho itamchosha zaidi. Mahali pa kuwapokea ni pale kazi moja inapokwisha na nyingine haijaanza: "Mnaoingia sasa, tunachanja mdondo; chupa tumeshaiona, tunakwenda kwenye jicho. Swali lako liandike tu." Mara tatu kwa kipindi kizima zinatosha. Dalili kwamba hazikutosha utaiona kwenye komenti, pale watu watatu au wanne wanapouliza leo kunazungumzwa nini. Baadhi ya watangazaji hubandika komenti moja juu yenye mada na saa ya maswali. Inasaidia, ingawa wanaotazama kwa skrini nzima hawaioni.

Jambo la mwisho ni mtu wa pili. Daktari aliyeshika kuku kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine hawezi kusoma komenti. Awe na mtu pembeni wa kuziandika karatasini, kwa herufi kubwa, akiunganisha yanayofanana, ili saa 2 na nusu swali la kwanza lisomwe bila kutafutwa.