“Naomba unipige picha” kwa Kijapani

Umesimama kwenye malango mekundu ya Fushimi Inari, Kyoto, na unataka picha. Mtafute asiye na haraka, inamisha kichwa kidogo, useme: “Sumimasen, shashin o totte moraemasu ka?” Yaani samahani, naomba unipige picha. Chunga hapo mwishoni. Ukiteleza ukasema “totte mo ii desu ka”, umeomba ruhusa ya kupiga picha wewe, na mwenzio huenda akajiweka sawa mbele ya kamera, au akakataa. Akikubali, mpe simu kamera ikiwa imeshafunguliwa, pamoja na “onegai shimasu”. Akisema “hai, chiizu”, tabasamu, anabonyeza. Ukipokea simu, “arigatō gozaimashita” inatosha, na usimzuie kwa kuzikagua picha mojamoja.