Mguu wa Matende Huoshwa Kila Siku

Katika mazungumzo na kikundi cha afya kijijini, Tanga au Lindi, swali hili huja mapema, na hasa kutoka kwa bibi aliyekwisha kumeza dawa za matende miaka kadhaa: "Mwanangu, kama minyoo imekufa, naosha nini tena?"

Ni swali la haki. Minyoo ya matende huletwa na mbu, nayo huharibu mishipa inayorudisha maji ya mwili kutoka mguuni. Dawa huua minyoo michanga iliyomo kwenye damu. Mishipa iliyokwisha kuharibika haitengenezi. Kwa hiyo maji hutuama na ngozi hukosa kinga. Bakteria wa kawaida wakipata upenyo, mguu huwaka moto, mtoki huvimba kinenani, na homa huja na kutetemeka. Kila shambulio la namna hiyo huacha ngozi ngumu zaidi na mguu mnene zaidi. Anachoosha bibi ni hao bakteria.

Mweke akae, mguu juu ya beseni. Maji yawe safi na ya baridi ya kawaida, maana ya moto huzidisha uvimbe. Sabuni ya kuogea inatosha. Anza gotini ushuke hadi unyayoni, kwa mkono au kitambaa laini, bila brashi wala jiwe la kusugulia. Fungua kila mkunjo wa ngozi. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kisha osha na mguu ule mwingine, hata kama hauna uvimbe.

Kazi kubwa iko kwenye kukausha. Pitisha kitambaa kikavu katikati ya vidole, kimoja kimoja, kwa kubonyeza bila kusugua. Hapo ndipo palipo jicho la kazi: ngozi nyeupe iliyolowana, inayowasha na kunuka, ni fangasi, na mpasuko wake mdogo ndio mlango wa bakteria. Asiyeweza kuinama amwite mjukuu amtazamie. Fangasi hupakwa dawa yake kutoka zahanati. Mchubuko husafishwa na kupakwa dawa ya vidonda. Majani yaliyopondwa, kinyesi cha ng'ombe na kuchanja wembe huongeza milango.

Tuwe wakweli: mguu uliokwisha kuvimba sana haurudi kama zamani. Kinachopungua ni homa zile, harufu, na siku za kulala kitandani. Mara nyingi na uvimbe hushuka kiasi, hasa mgonjwa akiinua mguu anapokaa na anapolala.

Mguu ukiwa wa moto na unauma, pumzika, kunywa maji, weka kitambaa cha maji baridi, na usifanye mazoezi. Ukiwa na homa, nenda zahanati siku hiyohiyo upate dawa ya kuua bakteria. Usisubiri ipoe yenyewe.