Farasi wa Commentry na Paa la Zahanati

Mwaka 1861, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry, Ufaransa, farasi mmoja alivunjika mguu chini mgodini. Mhandisi kijana, Henri Fayol, aliandika hati ya kuomba mwingine. Mtunza zizi akakataa, kwa kuwa hati haikuwa na sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa safarini na hakumkaimisha mtu yeyote. Kazi ya sehemu ile ikasimama.

Mtunza zizi hakukosea, alifuata utaratibu. Fayol hakulisahau jambo hilo, na mwaka 1916 alipochapisha kanuni zake 14 za uongozi, aliandika kwamba mamlaka na wajibu havitenganishwi.

Farasi huyo anapatikana hadi leo katika halmashauri za wilaya Tanzania. Chukulia upepo umeezua paa la zahanati ya kijiji. Mganga mfawidhi anamwandikia mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, na barua inabeba yale maneno tunayoyafahamu sote: “Kupitia kwa”. Inapita kwa mganga mkuu wa wilaya, inafika masijala, inafunguliwa jalada, inapanda kwa mkurugenzi, kisha inashuka na dokezo kwa mhandisi, naye anamwagiza fundi sanifu akapime. Makisio ya fundi yanarudi kwa njia ileile. Wakati huo dawa zinalowa.

Fayol aliuita mpangilio huu ngazi ya madaraka, na wala hakutaka ivunjwe. Alichora herufi: A juu kabisa, F chini upande mmoja, P chini upande wa pili. Kwa kufuata ngazi, ujumbe wa F unapiga hatua kumi kabla ya kumfikia P, na jibu linapiga kumi nyingine. Basi akapendekeza daraja: F na P waongee moja kwa moja, ila kwa sharti kwamba wakuu wao wameruhusu na wanaarifiwa walichokubaliana. Wakishindwa kukubaliana, jambo linarudi kwenye ngazi. Sharti hilo ndilo watu wengi husahau, wakadhani daraja ni ruhusa ya kumruka bosi.

Kwa zahanati yetu, daraja lingekuwa mganga mfawidhi kumpigia simu fundi sanifu siku ileile, mganga mkuu na mhandisi wakijua. Kipimo kinafanyika kesho yake. Fedha lakini haivuki kwa simu. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli. Malipo yasiyopita kwake yatakuja kuwa hoja ya ukaguzi.

Hapo ndipo tunakutana na Mmarekani Luther Gulick. Mwaka 1937 alikusanya kazi za mkuu wa taasisi katika neno moja gumu kutamka, POSDCORB, lililoundwa kwa herufi za maneno ya Kiingereza: kupanga, kuunda muundo wa kazi, kuajiri, kuelekeza, kuratibu, kutoa taarifa na kutengeneza bajeti. Kwa maoni yangu, halmashauri huhangaika zaidi na ya kwanza na ya mwisho. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango hupanda kutoka kijijini na kwenye kata hadi baraza la madiwani miezi kadhaa kabla. Upepo wa Novemba hausubiri kikao cha bajeti. Kama hakuna kifungu cha dharura, itabidi kuhamisha fedha za kifungu kingine, na uhamisho nao una idhini zake.

Sasa ongeza mkuu wa wilaya. Anapita, anaona paa, anamwambia fundi mbele ya wananchi: anza kesho. Mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa Rais wilayani, na fundi gani atambishia? Lakini fundi ni mtumishi wa halmashauri, na mhandisi wake alikwisha mpeleka kwenye shule ya kata nyingine. Fayol alionya hasa juu ya hili: mtumishi mmoja, bosi mmoja. Dalili yake ofisini ni fundi anayeonekana kila mahali huku hakuna kazi inayokamilika, na kila mkuu ana hakika kuwa ndiye aliyemtuma.

Hata hivyo kanuni hiyo haitekelezeki yote. Mganga mkuu wa wilaya humwajibikia mkurugenzi kwa utumishi, na kwa miongozo ya tiba huifuata Wizara ya Afya. Mwaka 1946 Herbert Simon aliwakosoa wataalamu wa mkondo huu kwa jambo hilohilo: utaalamu na umoja wa amri huvutana, na kanuni zao hazisemi upi utangulie.

Kinachosaidia ofisini ni dokezo fupi kwenye jalada: mkuu wa wilaya ametoa maelekezo tarehe fulani, mkurugenzi ameyaona, fundi atoke shuleni siku tatu, na fulani anakaimu hadi mhandisi arudi. Sahihi ya huyo kaimu ndiyo iliyokosekana Commentry.