Laini Ikirudi, Mwizi Bado Yumo

Simu ikikosa mtandao ghafla usiku, wengi huizima na kuiwasha, hulaumu mnara, kisha hulala. Usiku kama huo ndio mwizi anaoutaka.

Kuna jaribio la haraka la kujua kama tatizo ni la mnara au la mtu. Mwenye simu aazime simu ya jirani aliye kwenye mtandao huohuo, apige namba yake mwenyewe. Kama jirani ana mtandao na namba inaita, huku simu yake mkononi imenyamaza kimya, basi laini hiyo imeshahamia kwenye simu nyingine. Ikijibu kwamba mteja hapatikani, bado si salama kulala: huenda mwizi ameizima makusudi ili asisumbuliwe.

Kinachofanyika si uchawi. Namba ya simu haikai ndani ya kile kikadi; inakaa kwenye mitambo ya kampuni, ambayo huielekeza kwenye kadi yoyote iliyosajiliwa kuwa ndiyo ya sasa. Kadi mpya ikiwashwa, ya zamani inakufa papo hapo. Mwizi anahitaji namba ya kitambulisho, jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, na mtu wa kumbadilishia: wakala aliyedanganywa, au mfanyakazi aliyekunjiwa noti. Nchini Kenya, mji wa Mulot kwenye mpaka wa Bomet na Narok umejipatia sifa mbaya kwa kazi hiyo. Lakini hata wakubwa huangukiwa. Januari 2024, mtu mmoja aliingia duka la simu huko Huntsville, Alabama, akiwa na kitambulisho bandia, akapewa kadi ya namba iliyounganishwa na akaunti ya X ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Wenzake wakaitumia kutangaza habari ya uongo kuhusu Bitcoin, na bei ikaruka. Baadaye alifungwa miezi 14.

Sasa tumchukulie mwenye duka la vipuri mjini Nakuru, mteja wa Safaricom, aliyegundua saa tatu usiku. Simu ya kwanza anaipiga kwa kampuni ya simu, namba 100, kwa laini ya jirani, akiomba mambo mawili kwa majina yake: laini ifungwe, na akaunti ya M-PESA isimamishwe. Ya pili ni kwa benki, kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi ya ATM, wala si namba aliyotumiwa kwa ujumbe. Kampuni ya simu inatangulia kwa sababu kufunga laini kunakata njia ya namba za uthibitisho zinazotumwa na kila benki na kila programu. Hata hivyo benki haiwezi kungoja asubuhi. Kama mwizi ameshaingia kwenye programu ya benki, anaweza kuendelea kwa intaneti hata laini ikiwa imekufa. Kila anayemhudumia ampe namba ya malalamiko, naye aandike na saa.

Asubuhi anakwenda dukani kwa kampuni yenyewe na kitambulisho halisi, si kwa wakala wa mwavuli. Huko huulizwa maswali kama namba anazopigia mara kwa mara na miamala yake ya karibuni. Hapa watu wengi hukwama bila kosa lao: miamala ya karibuni kwenye mitambo ni ya mwizi. Aseme wazi kwamba anazungumzia ya kabla ya saa tatu usiku, na ataje malipo anayoyakumbuka vizuri, kama kodi ya duka au fedha aliyotuma nyumbani. Kabla ya kuondoka aombe kuandikiwa laini ilibadilishwa saa ngapi na mahali gani. Hiyo ni taarifa yake mwenyewe, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuiona. Polisi watakapomfungulia OB, karatasi hiyo itakuwa na uzito kuliko maelezo ya mdomo.

Laini imerudi, mtandao umesimama vijiti vyote. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara ya pili huanza.

Barua pepe ndiyo ya kushughulikiwa mapema, kwa kuwa nywila za akaunti nyingine hubadilishwa kupitia humo. Mwizi aliyeingia Gmail huweka namba yake ya urejeshaji badala ya ile ya mwenyewe. Habari njema ni kwamba kwa siku 7 baada ya badiliko hilo, Google bado inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya zamani, kwa hiyo kuchelewa wiki moja kunagharimu. Akishaingia, abadilishe nywila, avitoe vifaa vyote asivyovitambua, kisha afungue mipangilio ya kuelekeza barua. Wezi wajanja huacha humo anwani yao, na kila ujumbe wa benki ukawa unawafikia kimyakimya hata baada ya nywila kubadilika.

WhatsApp inatisha zaidi ya inavyostahili. Akisajili upya namba yake kwa tarakimu 6 zilizoletwa kwa ujumbe mfupi, mwizi anatolewa palepale. Kama mwizi aliweka PIN yake ya hatua ya pili, mwenyewe atasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN hiyo, lakini katika siku hizo mwizi naye hayumo. Kazi kubwa ni kuwaonya kwa simu ndugu walioombwa fedha kwa jina lake.

Kisha hesabu ya fedha. Tuseme mwizi alitoa shilingi 8,000 zilizokuwamo, kisha akatuma nyingine 5,000 kwa Fuliza. Deni hilo limebaki kwa jina la mwenye duka, na Fuliza hujilipa yenyewe kutoka kwa fedha yoyote inayoingia. Mteja akimtumia 3,000 za betri mchana huo, zitamezwa kabla hajaziona. Kwa hiyo awaombe wateja walipe kwa njia nyingine kwa muda, na apeleke malalamiko ya deni hilo kwanza, kwa maandishi, akiambatisha OB na taarifa ya M-PESA inayoonyesha kila muamala na msimbo wake. Akague pia M-Shwari na KCB M-PESA, maana akiba huweza kuchotwa na mkopo kuchukuliwa.

Je, fedha itarudi? Ikiwa bado imo kwenye akaunti iliyopokea, kampuni inaweza kuizuia, na ndiyo maana simu ya usiku ilikuwa na maana kuliko ziara ya asubuhi. Ikishatolewa taslimu kwa wakala, inabaki kesi ya polisi na mvutano na benki: nani aliruhusu kadi ibadilishwe, na je, mteja alitoa PIN? Swali hili la pili litaulizwa kila ofisi. Kubadilisha laini peke yake hakumpi mwizi PIN ya M-PESA, na mara nyingi alishaipata kabla, kwa simu ya mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Kama ndivyo ilivyokuwa, ni heri aseme, kwa sababu rekodi za simu zinaweza kumwonyesha aliyepiga.

Baada ya hapo PIN zote zibadilishwe, na mwenye duka abonyeze *100*100#, huduma ya Safaricom inayozuia laini isibadilishwe na mawakala bali katika maduka ya kampuni tu. Mikopo ya programu nyingine iliyochukuliwa usiku ule huenda isijitokeze hadi mkopeshaji apige simu ya kudai, au jina lifike CRB. Kenya kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka CRB. Aiombe mwezi mmoja au miwili baadaye, na akikuta deni asilolijua, alipinge kwa maandishi akitumia OB ileile.